Nobu moja ya toni: kwa nini ya gitaa haifanyi kazi ndani ya pedali, na jinsi ya kuirekebisha

*Shikamoo mwalimu. Nimeunda pedali ya distoshoni kwa TL072, nusu moja tu ya chipu ndiyo inafanya kazi. Dayodi mbili za 1N4148 ziko kwenye njia ya marejesho, voliumu ni B100K. Hapa Moshi napiga kanisani moja kwa moja kwenye mixa kwa sababu hatuna amplifaya ya gitaa, na trebo inakwaruza masikio. Nimeongeza nobu ya toni kwa potenshiometa ya B500K na kapasita ya 473, kama zilizomo ndani ya gitaa langu, nikaziunga pale sauti inapotoka kwenye chipu. Haifanyi kitu mpaka mwisho kabisa, halafu inaanza kupiga mluzi. Je, nobu moja inatosha kupunguza trebo? Nitumie thamani gani?*

Marahaba. Inatosha, ingawa potenshiometa na kapasita tutazibadilisha. Kinachokosekana kwanza ni rezista moja ya omu elfu 10, na mahali pake ni kati ya mguu wa kutolea sauti wa chipu na hiyo toni yako. Bila rezista hiyo hata ubadilishe kapasita kumi, hutapata toni.

Sababu ni hii. Kapasita haili trebo. Inachofanya ni kuyapa masafa ya juu njia rahisi ya kwenda ardhini, yaani upande wa hasi wa betri, huku masafa ya chini yakiiona njia hiyo kama imefungwa. Chukua kapasita ya nanofaradi 10. Kwa sauti ya hezi 100 upinzani wake ni kama omu 159,000. Kwa sauti ya hezi 5,000 upinzani huohuo umeshuka hadi omu 3,200 hivi. Lakini njia rahisi ya kwenda ardhini haipunguzi kitu kama chanzo kina nguvu ya kuijaza. Ni lazima kuwe na kitu kinachobana kabla ya njia hiyo, ili sauti inayokwenda ardhini ikosekane mbele.

Opampu kama TL072, ikiwa na marejesho, inajitahidi kwa nguvu zake zote kuweka volti ileile kwenye mguu wake wa kutolea. Ukiivuta kwa kapasita, inaongeza mkondo kufidia. Ndiyo maana trebo yako haikupungua. Na nobu ilipofika sifuri, nanofaradi 47 zote zikakaa moja kwa moja kwenye mguu huo, mzigo ambao opampu za aina hii hazipendi: marejesho yanachelewa, chipu inaanza kutetemeka yenyewe, na huo ndio mluzi unaousikia. Zima na uitoe hiyo kapasita pale ilipo kabla ya kufanya jambo lingine.

Sasa weka rezista ya omu elfu 10 kati ya chipu na kapasita ya nanofaradi 10, halafu pima kwa akili kilichobaki baada ya rezista. Kwa hezi 100, kapasita ina omu 159,000 dhidi ya 10,000 za rezista, hivyo karibu sauti yote inapita kwenda mbele. Kwa hezi 5,000, kapasita ina omu 3,200 tu, na kinachobaki ni chini kidogo ya theluthi moja. Hiyo ndiyo toni nzima. Mengine yote ni kuchagua ianzie wapi na nobu iitawale vipi.

Kuhusu gitaa lako: kule ndani toni ya 500K na 473 inafanya kazi kwa sababu anayebana ni pikapu yenyewe. Pikapu ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Una upinzani wake wa omu elfu kadhaa, na zaidi ya hapo una tabia ya koili ya kukataa masafa ya juu. Kwa hiyo rezista haihitajiki, imo tayari. Potenshiometa nayo ni kubwa, 250K au 500K, ili isiilemee pikapu pale nobu ikiwa imefunguliwa yote. Ndani ya pedali hali imegeuka: chanzo ni imara, hakuna koili, na unachagua mwenyewe kiasi cha kubana. Ukinakili namba za gitaa unanakili nusu ya mzunguko na kuacha nusu nyingine nyumbani.

Kuchagua kapasita

Kuna sehemu ambapo sauti inaanza kushuka. Mafundi huiita sehemu ya kukatia, ingawa hapakatwi kitu kwa kisu: pale sauti imebaki asilimia 70 hivi, na kila masafa yanapozidi mara mbili juu ya hapo, sauti inapungua kwa karibu nusu. Ni mteremko wa taratibu. Fomula yake:

```
f = 1 / (2 × π × R × C)
```

Ili usihangaike na sifuri nyingi, andika R kwa maelfu ya omu na C kwa nanofaradi, kisha:

```
f = 159155 / (R × C)
```

Jibu linatoka kwa hezi. Kwa rezista ya elfu 10, nobu ikiwa imefungwa kabisa, kapasita ya 103 (nanofaradi 10) inakupa hezi 1,590 hivi. Ya 223 (nanofaradi 22) inakupa 723. Ya 473 inakupa 339. Ya 104 inakupa 159.

Linganisha na gitaa lenyewe. Uzi mnene wa E ukiwa wazi unatoa hezi 82. Uzi mwembamba wa E ukiwa wazi unatoa hezi 330, na ukiubana kwenye freti ya 12 unatoa 659. Hizo ni noti zenyewe, bado hatujafika kwenye trebo. Kwa hiyo ukiweka 473 mbele ya rezista ya elfu 10, nobu ikifungwa unashusha noti za uzi mwembamba pamoja na trebo, na solo inazama chini ya kinanda. Ukiweka 104 hata nyuzi za kati zinazibwa. Kwa kupigia kwenye amplifaya ya gitaa ningekupa 103, maana spika ya gitaa yenyewe inadondosha masafa ya juu ya hezi 5,000 hivi, nawe unahitaji msaada mdogo tu. Kwa mixa, weka 223.

Hapo kwenye mixa panahitaji kuelezwa, kwa sababu ndipo chanzo halisi cha mkwaruzo wako kilipo. Dayodi zinapokata vichwa vya wimbi zinazalisha masafa mapya ya juu, mengi sana. Mtu mwenye amplifaya ya gitaa hayasikii mengi kati ya hayo, spika yake haiwezi kuyatoa. Spika za kanisa zimetengenezwa zitoe hadi hezi 15,000 na zaidi, zina twita, na zinakutolea kila kitu. Nobu yako ya toni ikiwa imefunguliwa haigusi mkwaruzo huo, na ukiifunga ili kuuondoa unaondoa pia uhai wa gitaa.

Kwa hiyo ongeza kapasita ya pili, ndogo, isiyo na nobu: 332, yaani nanofaradi 3.3, kutoka mwisho wa rezista ya elfu 10 moja kwa moja hadi ardhini. Fomula inasema 159155 gawanya kwa 33, hezi 4,800 hivi. Itakaa hapo siku zote ikifanya sehemu ya kazi ya spika ya gitaa. Haitaiga spika kikamilifu, kwa sababu spika inateremka kwa ukali zaidi kuliko rezista na kapasita moja, ila tofauti utaisikia kwenye wimbo wa kwanza. Nobu sasa inabaki na kazi yake ya kuchagua ladha.

Kwa nini nobu ilikuwa imelala mpaka mwisho

Hata baada ya kuweka rezista, B500K yako ingeendelea kulala. Nobu hii haibadilishi kapasita. Inaongeza upinzani kwenye njia ya kwenda ardhini, ili kapasita isivute kwa nguvu zote. Kwa trebo ya juu sana, ambako kapasita yenyewe ni kama waya mtupu, hesabu inakuwa ya rezista mbili: elfu 10 juu, na kiasi cha potenshiometa chini.

Tuseme una B100K, ambayo upinzani wake unapanda sawasawa na mzunguko wa nobu. Imefunguliwa yote, trebo inabaki asilimia 91. Ikifika katikati kuna omu elfu 50, na trebo imebaki asilimia 83. Umezungusha nusu nzima na hakuna sikio litakalokushukuru. Robo ya mwisho inaanza ikiwa na elfu 25, asilimia 71. Ikibaki elfu 10, asilimia 50. Ikibaki elfu 1, asilimia 9. Unaona: sehemu ya kumi ya mwisho wa mzunguko imebeba kazi kuliko sehemu tisa zilizotangulia. Kwa B500K ni mbaya mara tano.

Dawa ni potenshiometa ya logi, A100K. Hiyo, nobu ikiwa katikati, kati ya mguu wa 1 na wa 2 ina asilimia 10 hadi 15 tu ya upinzani wote, yaani elfu 10 hadi 15. Trebo katikati ya nobu inakuwa imebaki asilimia 50 hadi 60, na mabadiliko yamesambaa mzunguko mzima. Usiamini herufi peke yake, kwa sababu baadhi ya potenshiometa za zamani za Ulaya zilitumia A kwa maana ya mstari ulionyooka. Weka nobu katikati, pima kwa mita kati ya mguu wa 1 na wa 2. Ukipata nusu ya jumla ni ya mstari, ukipata sehemu ndogo ni ya logi.

Mguu upi ni upi: elekeza kijiti kwako, miguu ikiangalia chini. Kushoto ni wa 1, katikati wa 2, kulia wa 3. Tumia wa 1 na wa 2. Hapo ukizungusha kulia upinzani unakua na sauti inang'aa, kushoto inafifia, kama watu walivyozoea. Ukiunga wa 2 na wa 3 kwenye potenshiometa ya logi, nobu itafanya kazi kinyume na itarudi kulala vibaya kuliko hata ile B. Mtu akikuambia geuza waya tu, amesahau kwamba logi haigeuki.

Ikiwa madukani umekosa A100K, usisubiri. Chukua B25K, weka rezista ya omu 4,700 badala ya elfu 10, na kapasita ya 223 ibaki. Sehemu ya kukatia inakuwa hezi 1,540 hivi nobu ikifungwa. Trebo ikifunguliwa yote inabaki asilimia 84, katikati 73, robo 57, sehemu ya kumi 35. Siyo nzuri kama ya logi lakini inachezeka, na unapoteza trebo kidogo hata nobu ikiwa wazi, jambo ambalo wewe wa mixa hutalilalamikia. Kwa rezista hiyo ndogo, ile kapasita isiyo na nobu iwe 682, siyo 332, ili ibaki karibu na hezi 5,000.

Mixa inavyoharibu hesabu, na nusu ya chipu uliyoiacha

Hadi hapa nimehesabu kana kwamba baada ya toni hakuna kitu. Kuna potenshiometa yako ya voliumu, B100K, halafu kuna mixa. Ingizo la laini la mixa kwa kawaida lina upinzani wa kama omu elfu 10 hadi elfu 20, wakati amplifaya ya gitaa ina karibu omu milioni 1. Tuchukue elfu 10.

Ukifungua voliumu yote, hizo elfu 10 za mixa zinakaa sambamba na kapasita yako ya toni. Sauti nzima, besi na trebo, inashuka hadi karibu nusu. Zaidi ya hapo, upinzani unaobana unaonekana kama elfu 5 badala ya 10, na sehemu ya kukatia inaruka kutoka hezi 723 hadi zaidi ya 1,500. Ukirudisha voliumu katikati, mixa inakaa nyuma ya omu elfu 50, toni inarudi karibu na ulivyopanga, lakini sauti inayotoka ni asilimia 14 hivi badala ya 50 uliyotegemea. Yaani kila ukigusa voliumu, toni inabadilika. Wengi wanaokutana na hali hii wanabadilisha kapasita wiki nzima na tatizo liko mbele yake.

Una tiba bure ndani ya chipu. TL072 ina opampu mbili, na umesema unatumia moja. Ya pili iwe mlinzi: inaipokea sauti kutoka kwenye toni bila kuivuta, na inaitoa kwa nguvu kwenda kwenye voliumu na mixa. Nitachukulia nusu unayoitumia ni ile ya mguu 1, 2 na 3. Kama ni ile nyingine, geuza namba ipasavyo.

Angalia kwanza miguu ya 5, 6 na 7 imeungwa wapi sasa. Mara nyingi opampu isiyotumika hutulizwa kwa kuunga 6 na 7 pamoja na kupeleka 5 kwenye volti 4.5 za kati. Kama ndivyo, kata tu muungo wa mguu wa 5 na uache 6 na 7 zikiwa zimeungana. Kama hazijaungwa popote, ziunge 6 na 7.

Toa ile kapasita inayotoka mguu wa 1 kwenda voliumu. Kutoka mguu wa 1 peleka rezista ya elfu 10 hadi mguu wa 5. Hakuna haja ya kapasita katikati, kwa sababu mguu wa 1 umekaa kwenye volti 4.5 na ndizo hizo mguu wa 5 unazihitaji ili ufanye kazi. Rezista itazipitisha. Kwenye mguu wa 5 unga mguu wa 2 wa potenshiometa ya toni. Kutoka mguu wa 1 wa potenshiometa peleka kapasita ya 223, upande wake wa pili ardhini. Kwenye mguu uleule wa 5 wa chipu unga na kapasita ya 332 hadi ardhini, ifupishe iwezekanavyo. Kisha kutoka mguu wa 7 weka kapasita ya mikrofaradi 10, chanya ikitazama chipu, hadi mguu wa 3 wa potenshiometa ya voliumu. Badilisha voliumu iwe A10K: mguu wa 1 ardhini, wa 2 kwenye jeki. Potenshiometa ya elfu 10 haiyumbishwi sana na mixa, na TL072 inaimudu bila shida.

Sasa hesabu zote za juu zinakuwa za kweli, kwa sababu mguu wa 5 hauvuti mkondo wa kuhesabika. Chomeka kwenye mixa, chomeka kwenye amplifaya ya gitaa ya rafiki, toni inabaki palepale.

Kabla ya kuchomelea risasi, jaribu kapasita kwa klipu za mamba: ardhi kwenye klipu moja, mwisho wa potenshiometa kwenye nyingine, unabadilisha 103, 153, 223 ukiwa unasikiliza. Fanya hivyo kanisani kwenye spika zenyewe, siyo chumbani kwa hedifoni, na mtu mwingine apige gitaa wakati wewe umesimama katikati ya ukumbi. Karibu na spika utaiona trebo ni kidogo kuliko ilivyo, kwa sababu inatoka kama mwale na huenda umesimama nje yake.

Aina ya kapasita ina maana hapa. Tafuta za filamu, zile za kijani zilizojaa rangi au za kisanduku cha plastiki. Zimo tele kwenye bodi za redio na amplifaya mbovu ambazo mafundi redio wa Moshi na Arusha wanazichinja kwa vipuri, na kapasita ya filamu iliyotumika huwa bado nzima. Zile za seramiki zenye umbo la kisahani kwa thamani hizi mara nyingi ni za daraja la chini: thamani yake inahama kwa joto na kwa volti, na nyingine hutoa sauti ukigonga pedali kwa kidole. Kwa 332 seramiki inavumilika. Kwa 223 tafuta filamu. Kama umeipata kwenye bodi kuukuu na mita yako ina kipimo cha kapasita, ipime: kati ya nanofaradi 20 na 24 inatosha kabisa.

Ukiwasha na mambo hayaendi

Pima volti kwanza, hasi ya mita ikiwa ardhini, pedali ikiwa na betri mpya ya volti 9. Mguu wa 8 uwe karibu na 9, wa 4 sifuri, na wa 1, wa 5 na wa 7 yote karibu na 4.5. Halafu zungusha nobu ya toni ukiangalia mguu wa 7. Namba isisogee. Ikishuka kadiri unavyofunga toni, kapasita yako ya 223 inavuja au imeungana ndani, na umeme wa betri unapita ardhini kupitia potenshiometa. Ikiruka mbali kabisa na 4.5 na sauti kukatika, ama imeungana kabisa ama umeiruka na kuunga potenshiometa moja kwa moja ardhini. Kapasita inayovuja kidogo haitakata sauti, itakupa mlio wa kukwaruza kila unapozungusha nobu, na watu hukimbilia kununua potenshiometa mpya. Pima kapasita kwanza.

Toni haifanyi chochote na volti zote ni sawa? Potenshiometa imeungwa upande usiofaa wa rezista, yaani kwenye mguu wa 1 wa chipu badala ya wa 5. Umerudi kwenye kosa la awali, na mluzi utaurudia pia.

Mluzi unaotokea nobu ikiwa wazi na geini ikiwa juu ni kitu kingine. Huo unatokana na waya mrefu wa toni au wa voliumu unaopita karibu na waya wa ingizo. Sauti iliyokwisha kukuzwa inaingia tena mwanzoni. Weka waya wa ingizo upande mmoja wa kasha na waya za nobu upande mwingine, kasha liwe la chuma na liungwe ardhini, na kama bado, tumia waya wenye ngozi ya ardhi kwa ingizo peke yake.

Usijaribu kuipima toni kwa kucheza hezi 5,000 kutoka simu na kusoma volti za sauti kwa mita ya bei nafuu. Mita nyingi za namna hiyo zimelenga umeme wa Tanesco wa hezi 50 na zinasoma vibaya zikishapita hezi mia kadhaa. Utadhani toni inakata kuliko inavyokata. Simu iwe chanzo cha sauti, kompyuta irekodi kutoka pedali, na programu kama Audacity ikuonyeshe kimo cha wimbi kabla na baada ya kuzungusha nobu. Tumia hezi 200 na hezi 5,000: ya kwanza isibadilike kwa kuonekana, ya pili ishuke hadi karibu sehemu ya tano toni ikifungwa.

Na kuna kelele mbili ambazo nobu hii haitazigusa, usiitupie lawama. Mvumo wa umeme ni wa hezi 50 na 100, uko chini ya sehemu ya kukatia, unapita kama ulivyo, na hata utasikika zaidi trebo ikipungua kwa kuwa hakuna cha kuufunika. Huo unatibiwa kwenye adapta na kwenye ardhi ya mixa. Kelele ya pili ni sauti ya shhh inayotoka kwenye mixa yenyewe pale geini ya chaneli imepandishwa mno. Toni iko kabla yake, haiwezi kuifikia. Fungua voliumu ya pedali karibu yote na ushushe geini ya chaneli hadi taa nyekundu isiwake unapopiga kwa nguvu zaidi.